Mangliki au si Mangliki? Kundali moja, mapanditi watatu, majibu matatu

Mambo huanza vizuri. Familia mbili zimeonana, chai ya masala imenyweka mara mbili, vijana wenyewe wameshapeana namba za simu. Kisha upande mmoja unaomba tarehe, saa na mahali alipozaliwa msichana, ili panditi, yaani mnajimu wao, asome kundali yake, ramani ya mbingu ya saa aliyozaliwa. Wiki haijaisha simu inalia: "Dada, samahani, panditi wetu anasema mtoto ana Mangal." Mama wa msichana anakimbilia kwa panditi wake, anaambiwa mtoto hana kitu. Anakwenda kwa wa tatu ili apate mwamuzi, naye anamwambia anayo, ila imefutika.

Mwenye kusikia hayo kwa mbali husema mmoja kati ya hao watatu ni mwongo. Inawezekana kabisa wote wanasema kweli, kila mmoja kwa kanuni alizofundishwa. Kwa kuwa Wahindu wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam nao huletewa swali hili pale ndoa inapopangwa, nitaweka njia hizo tatu ubavu kwa ubavu, nizipitishe kwenye kundali moja, halafu niseme ipi ningeichagua kama ningelazimika kuchagua.

Kwanza madai yenyewe. Mangal ni Mirihi, ile sayari nyekundu. Kusini mwa India huiita pia Kuja, na Watamili huiita Sevvai. Katika unajimu wa Kihindi Mirihi ni askari: moto, hasira, damu, kisu. Mbingu ya mtoto hugawanywa nyumba 12, na ya kwanza, yaani lagna, ni ile nyota iliyokuwa ikichomoza upande wa mashariki dakika aliyozaliwa. Nyumba ya 7 ndiyo ya ndoa na mwenzi. Mirihi ikiikalia nyumba hiyo, au ikiitupia jicho, ndoa inasemekana itapata ugomvi, kuchelewa, kutengana, na kwa wale wakali, kifo cha mwenzi. Beti ya Kisanskriti ambayo mapanditi wengi wanaijua kwa moyo inazitaja nyumba ya 1, 12, 4, 7 na 8, kisha inasema wazi kwamba bibi harusi wa namna hiyo humwangamiza mume, na bwana harusi wa namna hiyo humwangamiza mke. Mwenye kasoro hiyo ndiye Mangliki, na kasoro yenyewe ndiyo dosha.

Nyumba hizo hazikuokotwa ovyo. Kila sayari hutazama nyumba ya 7 kutoka pale ilipo, lakini Mirihi ina macho mawili zaidi: hutazama pia ya 4 na ya 8, ukianza kuhesabu na nyumba iliyokaa. Jaribu kwa vidole. Mirihi ikiwa nyumba ya 1, jicho lake la saba linaangukia ndoa. Ikiwa ya 4, jicho la nne linaangukia ndoa. Ikiwa ya 12, jicho la nane linaangukia ndoa. Ikiwa ya 7 imeketi humo humo. Nyumba ya 8 imeingia kwa sababu nyingine: ndiyo nyumba ya umri na mauti, na kwa mwanamke husomwa kuwa inabeba uhai wa mume. Ndani ya mfumo wenyewe, basi, mantiki ipo. Shida inaanza pale mapanditi wanapokaa kuhesabu.

Wa kaskazini mwa India kwa kawaida hushika 1, 4, 7, 8 na 12. Wengi wa kusini huingiza nyumba ya 2, ambayo ni ya familia na maneno ya kinywani, na baadhi yao huiacha ya 1. Hiyo ni tofauti ya kwanza. Ya pili ni kubwa zaidi: unahesabu kutoka wapi? Mmoja anahesabu kutoka lagna peke yake. Mwingine anahesabu tena kutoka pale ulipo Mwezi, na mwingine anaongeza Zuhura, kwa kuwa Zuhura ndiye mwenye mapenzi.

Sasa tuchukue kundali. Sitaki ya mtu ninayemjua, kwa hiyo nimejitungia msichana aliyezaliwa Mombasa usiku wa kuamkia tarehe 9 Novemba 2000, saa saba na nusu usiku. Msichana ni wa kutunga, anga si ya kutunga. Ukitaka ipige mwenyewe kwenye programu yoyote ya kundali. Kwa majina ya nyota tunayoyajua kwenye kurasa za magazeti, lagna ni Simba. Mirihi imo Mashuke. Mwezi umo Samaki. Mshtarii umo Ng'ombe, na Zuhura ndiyo kwanza umeingia Mshale. Usishangae kama majina haya hayalingani na nyota zake za gazetini: hesabu ya Kihindi hufuata nyota zenyewe zilipo angani, na siku hizi inapishana na ile ya Magharibi kwa karibu digrii 24.

| Panditi | Nyumba anazohesabu | Anahesabu kutoka | Anachokiona | Hukumu |
|---|---|---|---|---|
| Wa kwanza, wa kaskazini | 1, 4, 7, 8, 12 | lagna tu | Mirihi nyumba ya 2 | si Mangliki |
| Wa pili, wa kusini | 2, 4, 7, 8, 12 | lagna, kisha anapitia misamaha | Mirihi nyumba ya 2, imo Mashuke | alikuwa nayo, imefutika |
| Wa tatu, mkali | 1, 4, 7, 8, 12 | lagna na Mwezi | nyumba ya 7 kutoka Mwezi | Mangliki |

Hesabu ya wa tatu ni rahisi: Samaki ni moja, Punda mbili, Ng'ombe tatu, Mapacha nne, Kaa tano, Simba sita, Mashuke saba. Mirihi imemkabili Mwezi uso kwa uso. Wapo watakaomwita msichana huyu "anshiki", yaani Mangliki nusu, kwa kuwa kasoro inaonekana kutoka Mwezi na si kutoka lagna. Kwenye fomu za tovuti za kutafutia wachumba India, penye Mangliki ndiyo au hapana, neno hilo la nusu nalo utalikuta.

Kabla hujamkasirikia panditi wa tatu, angalia alichokifanya kwa hesabu ya shule. Nyumba 5 kati ya 12 ni karibu watu 42 katika kila 100. Ukiongeza nyumba ya sita umefika nusu ya watu wote. Ukihesabu nyumba sita hizo kutoka lagna, halafu Mwezi, halafu Zuhura, na tukichukulia kwamba sehemu hizo tatu hazitegemeani, anayenusurika ni mtu mmoja tu kati ya wanane. Watu saba kati ya wanane hawawezi wote kuwa wauaji wa wenzi wao. Waliozipanga kanuni hizi walikuwa na macho, waliona wajane ni wachache kuliko Mangliki. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye chimbuko la misamaha yote: wavu ulitandazwa mpana mno, ikabidi utobolewe.

Misamaha hiyo huitwa bhanga, yaani kuvunjika. Iko ya namna nyingi, na uzito wake si mmoja.

Ya kwanza inatazama Mirihi yenyewe. Ikiwa katika nyota zake, Punda au Nge, au katika kilele chake, Mbuzi, inasemekana imetulia kama mwenye nyumba aliyerudi kwake. Halafu kuna orodha ya nyumba na nyota zinazofutana: nyumba ya 2 ikiwa Mapacha au Mashuke, ya 12 ikiwa Ng'ombe au Mizani, ya 4 ikiwa Punda au Nge, ya 7 ikiwa Kaa au Mbuzi, ya 8 ikiwa Mshale au Samaki. Panditi akikwambia orodha hii inapima nguvu za Mirihi, muulize kuhusu Kaa. Kaa ndipo Mirihi inapoanguka, mahali pake dhaifu kupita pote, na bado imo kwenye orodha sawa na Mbuzi, mahali pake pa nguvu kupita pote. Ni orodha ya mapokeo, inakaririwa zaidi kuliko inavyoelezwa.

Ya pili inatazama lagna. Kwa aliyezaliwa lagna ya Kaa au Simba, Mirihi hugeuka rafiki mkubwa, kwa sababu inamiliki nyumba mbili njema kwa pamoja. Kwa Simba ni ya 4 na ya 9. Rafiki, wanasema, hawezi kukuulia mume.

Ya tatu inamleta Mshtarii, mzee wa hekima. Akikaa pamoja na Mirihi, au akiitazama kwa jicho lake la tano, la saba au la tisa, moto unapoa.

Rudi sasa kwa msichana wetu. Mirihi yake iko nyumba ya 2 katika Mashuke: imo kwenye orodha. Lagna yake ni Simba: imo. Mshtarii yuko Ng'ombe, na ukihesabu Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, ni tano: jicho la Mshtarii liko juu ya Mirihi. Misamaha mitatu kwa mtu mmoja. Panditi wa pili hakumhurumia mtoto, amefuata kitabu chake. Panditi wa tatu naye atajibu kwamba misamaha miwili ya mwanzo inahusu nyumba zinazohesabiwa kutoka lagna, na yeye amemkamata kutoka Mwezi. Mshtarii anapunguza, hafuti. Hapo huwezi kumbishia, maana hakuna mahakama ya rufani ya unajimu.

Ya nne ndiyo maarufu zaidi, na hii haihusu kundali moja bali mbili: Mangliki akioana na Mangliki, kasoro zinakulana. Kerala na sehemu za Tamil Nadu wameiendeleza zaidi. Hawaiangalii Mirihi peke yake, wanajumlisha na Zohali, Jua na zile nukta mbili za kupatwa, Rahu na Ketu, wanampa kila mmoja alama kulingana na alipokaa, kisha wanapima jumla ya msichana na jumla ya mvulana. Wanataka zikaribiane, na ya mvulana isiwe chini. Kwa njia hiyo kijana asiye na Mangal hata kidogo, lakini mwenye Zohali nyumba ya 7, anaweza kumfaa Mangliki kabisa. Kati ya njia zote, hii ndiyo ninayoiona ina uungwana kidogo, kwa sababu inaanza kwa kukubali kwamba kila mtu ana mzigo wake, kisha inatafuta mizani.

Ya tano ni umri. Husemwa Mirihi hukomaa mtu akitimiza miaka 28 na kasoro huisha yenyewe. Ni kauli ya mitaani zaidi kuliko ya vitabu, na mapanditi wengi wakali hawaikubali.

Jambo moja linalochanganya familia nyingi: Mangal haimo katika zile alama 36 za kulinganisha wachumba. Zile zinatokana na Mwezi wa mvulana na Mwezi wa msichana, na kwa desturi 18 zinatosha kupita. Mtu anaweza kupata 30 na ndoa ikakataliwa kwa Mirihi, au akapata 15 na Mirihi ikawa safi. Ukiambiwa "kundali hazilingani", uliza ni lipi kati ya hayo mawili.

Na kuna kosa letu wenyewe la Afrika Mashariki, ambalo panditi wa Ujjain, India, hawezi kulifikiria. Bibi anaulizwa mtoto alizaliwa saa ngapi, anasema saa saba na nusu usiku. Kijana wa familia aliyeko Leicester anapiga 7:30 kwenye programu, na kwa kuwa hakusikia vizuri neno la mwisho, anaweka asubuhi. Saa yetu na saa ya programu zinaachana kwa saa 6, na lagna hubadili nyota kila baada ya saa 2 hivi. Msichana wetu, badala ya lagna ya Simba, anapewa Nge. Mirihi inahamia nyumba ya 11, ambayo haimo kwenye orodha ya yeyote. Kosa la namna hiyo linaweza kumfuta Mangliki wa kweli, na linaweza vilevile kumzua asiyekuwepo. Tafuta kadi ya kliniki kabla ya kumtafuta panditi.

Lakini kwa nini watu wazima, wenye maduka na shahada, wanatetemeka kwa jambo lenye matundu mengi hivi?

Ukiwasikiliza vizuri, wengi hawaogopi Mirihi. Wanaogopa maneno ya baadaye. Kijana akipata ajali mwaka wa pili wa ndoa, hakuna atakayeuliza habari za breki. Watauliza nani alipitisha kundali. Beti inawataja mke na mume sawasawa, ila mjane wa kike ndiye aliyebebeshwa mkosi kwa karne nyingi, kwa hiyo uzito wote humwangukia msichana. Mvulana Mangliki hutajwa kwa sauti ya chini na mambo yanaendelea. Msichana Mangliki, wadogo zake nao wanaanza kuulizwa. Na katika jamii ndogo kama zetu za pwani, ambako familia tayari inatafuta ndani ya jamati yake, lugha yake na umri fulani, ukisema "Mangliki tu" umewaondoa wengine nusu au zaidi. Hapo ndipo saa za kuzaliwa zinapoanza kusogezwa dakika ishirini huku na huku. Wanaofanya hivyo ni wengi kuliko wanaokiri.

Hofu hii imefika hata mahakamani. Mei 2023 Mahakama Kuu ya Allahabad, kikao cha Lucknow, ilikuwa inasikiliza ombi la dhamana la mwanamume aliyeshtakiwa kumbaka mwanamke kwa kumhadaa kwamba atamuoa. Utetezi ulisema ndoa haikuwezekana kwa kuwa mwanamke ni Mangliki. Wakili wa mwanamke akasema si Mangliki. Jaji aliagiza idara ya unajimu ya Chuo Kikuu cha Lucknow izisome kundali na ilete jibu kwa mahakama. Tarehe 3 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya India iliingilia yenyewe na kusimamisha agizo hilo. Ukikumbuka jedwali letu, jiulize tu idara ingetumia safu ipi.

Sasa uchaguzi. Familia iliyoambiwa "ana Mangal" ina njia nne hivi.

Kungoja Mangliki mwenzake ni njia salama kwa mdomo wa watu, na ghali kwa muda. Inafaa pale ambapo pande zote mbili zinaamini kweli na jamii ni kubwa, kama ilivyo India kwenyewe.

Kushika misamaha ni njia isiyo na gharama, ila ina sharti moja ambalo naliona ni kila kitu: kanuni zikubaliwe kabla kundali haijafunguliwa. Pande mbili zikae, zichague panditi mmoja, aseme anahesabu nyumba zipi, kutoka wapi, na misamaha ipi anaikubali. Ndipo apewe saa. Ukimpa saa kwanza, unanunua jibu, na kila upande utanunua lake.

Njia ya tatu ni ibada. Wengine husafiri hadi hekalu la Mangalnath, Ujjain, au Vaitheeswaran Koil, Tamil Nadu. Ile inayosemwa sana ni kumbha vivaha, ndoa ya mtungi. Mtungi wa udongo hujazwa maji, hupakwa manjano na unga mwekundu, hufungwa uzi na kuvikwa shada, wakati mwingine huwekwa kando yake sanamu ndogo ya Vishnu. Msichana huozwa na mtungi huo kwa mantra zile zile za harusi. Halafu mtungi huvunjwa au hutoswa majini, naye huoga na kubadili nguo. Wengine hutumia mti, mpipali au mgomba. Hoja ni kwamba mume wa kwanza ameshakufa, kwa hiyo bwana harusi wa pili yuko salama. Wapo wanaotoka pale wakiwa wepesi, mama hasa. Lakini fikiria ulichomfanyia binti: umemfanya mjane ndani ya chumba kilichofungwa ili watu wasimwite mjane hadharani. Kama mwenyewe hataki, mimi nisingemlazimisha kwa hofu ya shangazi yeyote.

Ya nne ni kuiacha kabisa. Sijaona ushahidi wowote kwamba Mirihi inaua waume, na kasoro inayoweza kuwapata watu saba kati ya wanane haimtambulishi mtu yeyote. Njia hii inahitaji pande zote mbili ziiache kwa dhati. Upande mmoja ukiiacha mdomoni na kuiweka moyoni, itatolewa kwenye ugomvi wa kwanza wa jikoni.

Kwa msichana wa mfano wetu, ningekuwa mjomba wake ningechagua ya nne nyumbani na ya pili mezani: ningekwenda na kadi ya kliniki, ningemtaka panditi ataje kanuni zake kwanza, na kwa misamaha mitatu aliyo nayo, sioni akishindwa kwa yeyote isipokuwa yule wa tatu. Na upande wa pili wakisema basi tungoje Mirihi ikomae, nitawaambia tarehe: msichana wetu anatimiza miaka 28 mwezi wa Novemba 2028. Wangoje wao.